Pilau ya kadi 400

"Harusi ya mdogo wangu, kadi 400, pilau na soda. Ninunue kiasi gani, na wanaochelewa je?"

Dada, kwanza ongeza wasio na kadi: wapishi, wahudumu, madereva, watu wa muziki. Weka 440. Kilo moja ya mchele mkavu hulisha watu wazima saba, kwa hiyo kilo 63, nunua 70. Anayesema kilo moja inatosha watu kumi yuko sawa pale penye ndizi, chapati na kuku pembeni. Kwako pilau ndiyo chakula chenyewe. Nyama ya mifupa, kilo 90.

Usipike mchele wote. Pika 55, na 15 ubaki kwenye gunia, huku supu ya nyama na vitunguu vilivyokwisha kaangwa vikiwa tayari kando. Nusu ya wageni wakishapakuliwa, chungulia masufuria: kama zaidi ya nusu ya pilau imeondoka, injika la pili hapo hapo, maana kwa mkaa linataka karibu saa nzima. Mchele mkavu usiotumika unarudi nyumbani. Pilau iliyobaki usiku kucha kwenye joto inachacha.

Kinachomaliza chakula haraka ni mkono wa mpakuaji, kwa hiyo wape wote upawa wa kipimo kimoja.

Soda mbili kwa mtu ni kreti 37. Elewana na duka zisizofunguliwa zirudi, na mgeni apewe ya pili akimaliza ya kwanza. Watoto ndio wananitatiza: wengine huwahesabu nusu, ila wa miaka kumi hula kama baba yake.