Kidole kwenye kitufe: maswali yenu kuhusu silaha zinazojichagulia shabaha

Tangu nilipogusia habari za droni kwenye safu hii, simu yangu haijapumzika. Nimechagua maswali machache. Mengine yalikuwa yanauliza bei, na hayo si yangu.

"Mwalimu, shikamoo. Kijana wangu anasema siku hizi kuna silaha zinazoua bila mtu kubonyeza. Ni kweli au ni mambo ya sinema?" (Mama wa Masasi)

Marahaba, mama. Ni kweli, na aina ya kwanza watu wa kusini tunaijua vizuri. Bomu la kutegwa ardhini halingoji mtu alibonyeze. Aliyelitega ameshaondoka, pengine ameshakufa, nalo liko pale linangoja uzito. Hapo anayeamua nani afe ni springi.

Kilichobadilika ni kwamba springi imegeuka kamera na programu. Mwaka 2021 jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa liliandika kwamba huko Libya, mwaka uliotangulia, zilitumika droni za Kituruki aina ya Kargu-2, zilizopangwa kushambulia bila kuhitaji mawasiliano na mwendeshaji. Ripoti haikusema waziwazi kwamba kuna mtu aliyeuawa kwa namna hiyo, kwa hiyo wanaotangaza kuwa ndiyo roboti ya kwanza kuua wanaongeza chumvi.

Kinachosukuma mambo ni uvurugaji wa mawasiliano. Kule Ukraine kila upande unavuruga mawimbi ya mwenzake, na droni iliyokatiwa mawimbi huanguka kama papai. Watengenezaji wakaona dawa: mwendeshaji aichague gari kwenye skrini, kisha kile kipande cha mwisho droni ifuate picha yenyewe.

"Wakubwa wanasema binadamu atabaki na udhibiti. Si basi yamekwisha? Mtu yupo pale na kitufe chake." (Kijana wa Chuno, Mtwara)

Ngoja nikupeleke Kuwait, Machi 23, 2003, siku chache baada ya vita vya Iraq kuanza. Ndege ya Kiingereza aina ya Tornado inarudi kambini na watu wawili ndani. Chini kuna kikosi cha Kimarekani chenye makombora ya Patriot ya kutungulia makombora. Rada inaiona ndege, kompyuta inaipima jinsi inavyoshuka na kasi yake, kisha inaandika jibu: hili ni kombora linalotafuta rada. Maana yake, linakuja kuwaua nyinyi.

Ndege huwa na chombo cha kujitambulisha. Rada ikiuliza "nani wewe", chombo kinajibu "mwenzenu". Cha Tornado hakikujibu. Vifaa vya mawasiliano vya kikosi kile vilikuwa bado njiani kutoka Marekani, kwa hiyo hakikuona picha ya anga waliyokuwa nayo wenzao. Wahudumu walikuwa na kama dakika moja. Walifyatua, na wale wawili wakafa.

Uchunguzi wa Waingereza ulikuta kwamba vigezo vya kompyuta vya kutambua kombora la aina ile vilikuwa vipana mno, hata ndege inayoshuka kwenda kutua iliweza kuingia humo. Wahudumu nao walifunzwa kufyatua haraka na kuuamini mfumo. Siku kumi baadaye, Aprili 2, Patriot ikatungua ndege ya Wamarekani wenyewe na kumuua rubani wake.

Sasa jibu lako. Mtu alikuwepo, kitufe kilikuwepo, ruhusa ya kukataa ilikuwepo. Alichokosa ni muda wa kufikiri na njia ya pili ya kuthibitisha. Kwangu mimi, mtu asiye na hivyo viwili ni mpiga muhuri tu.

"Mbona huyo askari asingekataa tu?" (Msomaji wa Nachingwea)

Umewahi kusimama kwenye mizani ya korosho msimu ukiwa umechanganya? Nilipeleka magunia yangu kwenye chama chetu cha msingi, mizani ya kidijitali, karani kainama kwenye daftari. Gunia la kwanza likasoma 83. La pili, ambalo nililibeba mwenyewe na najua ni jepesi, likasoma 83. La tatu, 83. Karani anaandika tu. Bibi mmoja nyuma yangu akasema, "We mjukuu, hebu toa gunia tuone." Likatolewa. Mizani tupu, 83.

Yule karani hakuwa mjinga. Alikuwa na foleni ya watu arobaini na namba inayowaka mbele yake. Kuipinga namba kulihitaji sababu. Kuiandika hakukuhitaji kitu. Na pale hakuna kombora linalomjia.

Mwezi Aprili 2024 jarida la +972 la Israel liliwanukuu maofisa waliosema kuwa kwenye vita vya Gaza mfumo wa kompyuta wa jeshi la Israel uitwao Lavender uliorodhesha watu wapatao 37,000 kama wapiganaji, na kwamba wakati mwingine ofisa alitumia sekunde 20 kwa jina, hasa kuhakikisha kuwa ni mwanamume. Jeshi lilikana, likisema ni hifadhidata ya kusaidia wachambuzi na kwamba kila shabaha huchunguzwa. Ila sekunde 20 ni muda wa kuandika 83.

"Mzee, binadamu ana hasira, anasinzia, ana visasi. Si afadhali mashine?" (Kilwa Masoko)

Hoja yako ina uzito, sitaizunguka. Julai 3, 1988 meli ya kivita ya Marekani, Vincennes, ilitungua ndege ya abiria ya Iran na kuua watu 290. Kompyuta ya meli ilikuwa inaonyesha ndege inapanda. Watu waliobanwa na woga wakaripoti inashuka kuwashambulia. Mashine ilikuwa sahihi, binadamu ndio waliokosea.

Lakini linganisha: Patriot mashine ilikosea na mtu akaikubali, Vincennes mashine ilipatia na mtu hakuisoma. Kote kuwili mtu na mashine hawakusahihishana. Ukimwondoa mtu unabaki na kosa la mashine peke yake, na hilo hujirudia lilelile kila mahali programu ileile ilipofungwa.

"Umoja wa Mataifa umelala?" (Lindi mjini)

Hapana, unaongea. Desemba 2023 Baraza Kuu lilipitisha azimio kuhusu silaha hizi kwa kura 152, nne zikipinga, na Katibu Mkuu pamoja na Msalaba Mwekundu walitaka mkataba uwe tayari ifikapo 2026. Marekani ina agizo lake la kijeshi namba 3000.09, linalodai "kiwango kinachofaa" cha uamuzi wa binadamu. Kinachofaa ni kipi? Wameacha wazi, na nadhani kwa makusudi.

"Sisi tunaokaa kandokando ya Ruvuma, hayo yanatuhusu nini?" (Kitaya)

Kamera ya droni inafunzwa kwa picha. Inaweza kujua lori na kifaru. Mtu aliyebeba jembe begani saa kumi na moja alfajiri, akivuka mto kwenda kwenye mpunga wake, kwa juu anafanana na mtu aliyebeba bunduki. Na sheria ya vita inataka anayesalimu amri na aliyejeruhiwa wasishambuliwe. Hayo ni mambo ya kusoma nia, ambayo kamera haiwezi kuisoma.

Ng'ambo wanajua silaha isiyouliza nia inadumu muda gani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Msumbiji viliisha 1992. Mabomu ya ardhini yaliendelea kungoja uzito wa mtu yeyote, na wategaji walikuwa zamani wameshasahau walipoyaweka. Panya waliofunzwa Morogoro walipelekwa kunusa, mita kwa mita. Msumbiji ilitangazwa kuwa safi mwaka 2015.