Barua ya akaunti iliyolala

Swali la wiki: "Nimeletewa taarifa kwamba akaunti yangu ya akiba imelala na pesa zitapelekwa serikalini. Nitajuaje ni ya kweli, salio ni sahihi, na nibebe nini benki?"

Ndugu, usiipigie nambari iliyoandikwa kwenye taarifa hiyo. Chukua nambari ya benki kutoka kwenye kadi au kitabu chako cha zamani, au nenda tawini na barua mkononi. Benki haikuombi nambari ya siri wala haikutumii kiungo cha kulipia ada ya kuamsha akaunti. Ukiona hayo, ni matapeli.

Mimi nililetewa barua kama hiyo Agosti 2022, hapa Mombasa. Mara ya mwisho kuweka pesa ilikuwa Machi 2018, na kitabu kilionyesha shilingi 18,600. Barua ilisema 18,214. Nilidhani nimeibiwa, nikaomba taarifa ya akaunti tangu siku ile. Kumbe walikata ada ya shilingi 50 kwa miezi 12, yaani 600, kabla ya kuilaza akaunti, kisha riba ya 214 ikaingia. Hesabu ikakaa sawa. Nawe omba taarifa kamili, kwa sababu salio tupu halikuonyeshi kilichokatwa.

Hiyo riba na ada haziifanyi akaunti ihesabiwe kuwa hai. Kinachohesabika ni wewe mwenyewe kuweka, kutoa au kuwasiliana na benki kuihusu. Na kulala si kupotea: benki huizuia mapema isitoe pesa, lakini sheria ya Kenya ya 2011 inasubiri miaka mitano ya ukimya ndipo akiba ihesabiwe imetelekezwa na kukabidhiwa Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa, UFAA. Kwa hiyo mimi nilikuwa bado na miezi saba hivi.

Nilibeba kitambulisho cha taifa na nakala yake, cheti cha PIN ya KRA, picha mbili za pasipoti, kitabu cha akiba na ile barua. Nikajaza fomu ya kuhuisha taarifa zangu, nikaweka shilingi 500 ili kuwe na muamala mpya. Kilichonichelewesha ni jina: akaunti ilikuwa kwa jina la ubinti, kitambulisho kwa jina la ndoa. Nilirudi nyumbani kuchukua cheti cha ndoa. Saini nayo ilikuwa imebadilika, wakachukua mpya. Nambari ya simu waliyokuwa nayo sikuwa nayo tena. Hakikisha wameibadilisha kabla hujaondoka, maana nambari uliyoiacha huweza kupewa mtu mwingine, naye ndiye atakayepokea ujumbe wa akaunti yako.

Ukiambiwa zimeshakabidhiwa, piga *361# utafute kwa kitambulisho chako, kisha udai UFAA. Kudai huko hakutozwi, hata anayejitolea "kukusaidia" akidai asilimia.