Maswali na majibu: Pointi zako si zilezile kwa kila programu

"Shikamoo Mwalimu. Kidato cha sita nimepata Historia B, Jiografia D na Uchumi E. Rafiki yangu anasema nina pointi 7, niombe popote nipendapo. Ni kweli?" (Mbagala)

Marahaba. Hesabu ya rafiki yako ni sahihi, kwa kuwa B ni 4, D ni 2 na E ni 1, ila vyuo havihesabu hivyo. Kiwango cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kwa wahitimu wa kidato cha sita ni pointi 4 kutoka masomo mawili, nayo ni yale yanayotajwa na programu yenyewe.

Tuseme programu ya kwanza inakubali masomo yoyote mawili kati ya Historia, Jiografia na Uchumi. Hapo una 4 na 2, yaani 6. Ya pili inalazimisha Uchumi, pamoja na Jiografia au Hisabati ya Juu. Hapo una 1 na 2, yaani 3, na umeshatoka kabla hujashindana na mtu. Kwa hiyo andika kila programu kwenye mstari wake, masomo yanayotajwa, kisha pointi zako kwa masomo hayo tu. Angalia pia safu ya pointi za chini za chuo katika mwongozo wa udahili wa TCU, kwani chuo kinaweza kudai zaidi ya 4.

"Vyuo viwili vina shahada ya jina moja, lakini sifa za kimoja zimeandikwa kwa urefu zaidi. Nisome wapi kwa makini?" (Kimara)

Soma mwisho wa sentensi, ambako wengi huwa wameshachoka. Huko ndiko hukaa sharti kama hili: asiye na Hisabati ya Juu awe na angalau S ya BAM, au D ya Hisabati katika kidato cha nne. Kijana mmoja aliniletea matokeo mazuri ya kidato cha sita, lakini BAM alikuwa na F na Hisabati ya kidato cha nne nayo F. Chuo kimoja kati ya vitatu alivyovichagua kikabaki. Mwongozo umeandikwa kwa Kiingereza, basi pigia mstari kila penye "and", yaani "na", na kila penye "or", yaani "au".

"Nina stashahada. Natumia mwongozo huohuo?" (Tegeta)

Hapana, TCU hutoa mwingine kwa wenye sifa linganishi. Kwa kawaida utahitaji GPA ya 3.0 na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, na stashahada yako iwe ya fani iliyotajwa.

"Nikitimiza sifa, nafasi ni yangu?" (Temeke)

La, umeruhusiwa kushindana tu. Linganisha idadi ya nafasi zilizoandikwa kwenye kila programu, kwa sababu penye nafasi chache waombaji wenye pointi za chini ndio huachwa kwanza.