Pengo la bei ya dhahabu: kwa wanaoanza kazi dawatini

Wiki iliyopita kijana mmoja wa dawati letu la biashara ya dhahabu hapa Upper Hill, Nairobi, aligeuza skrini yake upande wangu, uso ukimng'aa kama wa mtu aliyeokota pochi, akasema, "Bosi, hebu tazama. XAUUSD iko chini na GC iko juu. Tununue hapa, tuuze pale, halafu tusubiri bei zikutane." XAUUSD ni bei ya dhahabu ya papo hapo kwa dola, na GC ni bei ya mkataba wa kuipokea baadaye. Ni wa tatu kuniambia hivyo mwaka huu. Ninampenda kijana huyu, na hesabu zake ni safi kuliko zangu za umri wake, lakini nimechoka kulieleza jambo hili nikiwa nimesimama na kikombe cha chai mkononi. Naliandika leo ili mwingine akija nimwelekeze hapa.

1. Anzeni kwa kujiuliza nani anaulipia mzigo.

Anayekuuzia mkataba huo wa GC katika COMEX, soko la mikataba la New York, anakuahidi aunsi 100 za dhahabu katika mwezi uliokubaliwa. Asipotaka kubahatisha, atainunua dhahabu hiyo leo kwa bei ya papo hapo, aiweke ghalani, ailipie bima, na muda wote huo fedha zake zitakuwa zimelala ndani ya kipande cha chuma kisichozaa riba wala gawio. Wewe mnunuzi, kwa upande wako, fedha zako bado unazo na zinaweza kukuzalia riba hadi siku ya kupokea mzigo. Bei ya mkataba hupanda juu ya bei ya leo kwa kiasi kinachomfidia yeye. Kwa hiyo, anayesema kwamba soko linatarajia dhahabu ipande kwa sababu tu mkataba wa mbali una bei kubwa zaidi amesoma stakabadhi ya ghala akidhani ni utabiri.

Chukueni hali ya mwishoni mwa Novemba 2023, dhahabu ilipokuwa karibu dola 2,000 kwa aunsi na riba ya muda mfupi ya dola ikiwa karibu asilimia 5.4 kwa mwaka. Mkataba wa Februari ulikuwa na takriban siku 70 mbele yake. Hesabu ni hii:

```
2000 x 0.054  x 70/360 = 21.00
2000 x 0.0012 x 70/360 =  0.47
```

Mstari wa kwanza ni riba. Wa pili ni ghala na bima, ambavyo hapa nimevikadiria kuwa asilimia 0.12 kwa mwaka. Tazameni jinsi mstari wa pili ulivyo mdogo: wageni wengi hudhani pengo lote ni kodi ya ghala, kumbe dhahabu ya mamilioni ya dola hutoshea kwenye rafu moja, na karibu pengo zima ni riba. Ndiyo maana mwaka 2021, riba ya Marekani ilipokuwa karibu na sifuri, pengo hilo hilo lilisinyaa hadi likawa dogo mno kumshawishi kijana yeyote.

Nimehesabu hadi mwanzoni mwa Februari, si mwishoni, kwa sababu muuzaji ndiye anayechagua siku ya kukabidhi ndani ya mwezi, na mwenye gharama za kila siku hawezi kungoja.

2. Kuna kitu kimoja kinachopunguza pengo.

Mwenye dhahabu anaweza kuikodisha, kwa mfano kwa sonara au kiwanda cha kusafishia, na kupata malipo kidogo. Malipo hayo hupunguzwa kutoka kwenye zile gharama za riba, ghala na bima, ambazo sisi huziita gharama za kubeba. Kwa kawaida ni madogo sana, kwa hiyo mengine mtayasoma wenyewe.

3. Sasa aibu yangu.

Mimi nililiona pengo hilo la dola 21 Novemba ile ile, nikawa na mawazo yale yale ya kijana wetu, tena bila kisingizio cha umri. Nilinunua aunsi 100 za XAUUSD kwa dola 2,000 kwa wakala mmoja, nikauza mkataba mmoja wa Februari kwa 2,021 kwa wakala mwingine, nikaweka dhamana ya dola 12,000 upande wa mkataba, kiasi kilichojumuisha akiba yangu na mkopo wa sacco ambao mke wangu alidhani ni wa kupaua nyumba ya shambani. Niliandika kwenye daftari: "Faida dola 2,100, hatari hakuna."

Kosa la kwanza lilikuwa kwenye riba ya usiku. XAUUSD ya wakala si dhahabu iliyo ghalani. Ni ahadi ya bei ambayo wakala anakukopesha fedha za kuishikilia, na kila usiku anakutoza. Kwenye skrini inaitwa `Swap long`, na mimi niliipita macho. Wakala wangu alikuwa akitoza kiasi kinacholingana na asilimia 8 kwa mwaka, yaani senti 44 kwa aunsi kila usiku, na Jumatano zikawa siku tatu kwa mpigo kwa sababu ya ukamilishaji wa malipo wa siku mbili. Kwa siku 70 ningelipa dola 31 kwa aunsi ili nipate 21. Soko lilikuwa linauza gharama ya kubeba kwa bei ya benki kubwa, nami nilikuwa nikiinunua kwa bei ya duka la mtaani.

Kosa la pili ndilo lililoniumiza. Usiku wa kuamkia Jumatatu ya tarehe 4 Desemba, masoko yalipofunguliwa upande wa Asia, dhahabu iliruka kupita dola 2,100. Kwa jumla sikuwa nimepoteza chochote, kwa kuwa upande mmoja ulipata kile ambacho mwingine ulikipoteza. Lakini faida ilikuwa kwa wakala mmoja na hasara kwa mwingine, na fedha hazivuki kutoka akaunti moja hadi nyingine saa tisa ya usiku mtu akiwa amelala Donholm. Dhamana haikutosha tena, na mkataba wangu ulifungwa kwa lazima ulipofika 2,120, hasara dola 9,900. Niliamka nikiwa na mguu mmoja tu wa biashara, nikajiambia kwamba sasa angalau bei inapanda upande wangu. Kufikia usiku huo dhahabu ilikuwa imerudi karibu 2,030. Nilifunga nikiwa na faida ya dola 3,000 upande huo, nikaondoa riba za usiku, na salio likawa hasara ya zaidi ya dola 7,000, ambazo kwa shilingi za wakati huo zilipita milioni moja. Paa lilicheleweshwa hadi msimu uliofuata, na maelezo niliyompa mke wangu hayakuwa ya kitaaluma.

4. Kipimo cha kutumia kabla ya kunigeuzia skrini.

Gawanya pengo kwa bei ya papo hapo, zidisha kwa 360, gawanya kwa siku zilizobaki. Ukipata kiwango kinachokaribia riba ya dola iitwayo SOFR, hakuna cha kuokota. Kikiwa mbali sana nacho, tafuta kilichokwama njiani. Machi 2020 pengo kati ya London na New York lilipita dola 50, kwa sababu viwanda vikubwa vya kusafishia dhahabu huko Ticino, Uswisi, vilikuwa vimefungwa na ndege za abiria zilikuwa chini. Vipande vya dhahabu vya London ni vya takriban aunsi 400, ilhali mkataba wa New York unadai kipande cha aunsi 100 au vipande vya kilo moja, na aliyeweza kuviyeyusha upya hakuwa kazini. Pengo la namna hiyo hulipwa mwenye tanuri na ndege, si mwenye akaunti mbili na simu.

Kijana wetu nilimkalisha akapiga hesabu hiyo mwenyewe. Alipata asilimia iliyo karibu kabisa na SOFR, akanyamaza, kisha akafungua ukurasa wa masharti ya wakala kutafuta `Swap long`. Alipoipata aliisoma mara mbili, akaniuliza iwapo chai imebaki kwenye birika.