Rampu ya mita moja ilivyomshinda mpangaji wangu

Nyumba yangu ya kupangisha iko Chikongola, Mtwara. Mpangaji wa chumba cha mbele ni mzee aliyepata kiharusi, anatumia kiti cha magurudumu. Kupanda barazani kulikuwa na ngazi mbili, kila moja sentimita 15. Nikamwita fundi, akamwaga zege siku hiyo hiyo, rampu ya mita moja tu. Mkewe aliposukuma, kiti kikarudi nyuma na kumgonga magotini. Mzee akaniambia, "Mwanangu, hiki ni kilima."

Alisema kweli. Kwa kila sentimita moja ya kupanda, rampu inataka sentimita 12 za urefu. Baraza langu lina kimo cha sentimita 30, kwa hiyo nilihitaji mita 3 na sentimita 60. Mbele ya mlango nafasi hiyo haipo, barabara iko karibu. Tukaipeleka ubavuni, sambamba na ukuta, ikaishia barazani. Kabla ya kujenga, hakikisha juu pana sehemu tambarare ya mita moja na nusu kila upande, la sivyo mtu atafungua mlango huku kiti kinateleza kurudi chini.

Tulivunja ile ya kwanza, vifusi vyake tukavijaza chini na kuvishindilia kwa maji, tabaka kwa tabaka. Usiharakishe hapo, maana udongo uliolegea hutitia na zege hupasuka katikati. Kwa upana wa mita 1.2 na unene wa sentimita 10, mifuko mitatu ya saruji ilitosha zege. Tofali za kingo zilidai saruji yake. Kingo tuliziinua sentimita 10 ili gurudumu lisichomoke pembeni.

Mafundi wengi hupenda kumalizia kwa nili, sakafu ing'ae. Kwenye rampu kataa kabisa, mvua ikinyesha panateleza kama sabuni. Zege likianza kukaza, pitisha ufagio mgumu kukata mteremko, ibaki mikwaruzo. Kisha mwagilia wiki nzima.

Pembeni tuliweka bomba la kushikia, sentimita 90 kutoka chini, nene kiasi cha vidole kulizunguka vizuri. Chooni nako tuliweka bomba kama hilo, na hapo ndipo nilipojifunza zaidi. Tofali zetu zina matundu, na skrubu za kawaida zilichomoka nilipoliegemea bomba kwa uzito wangu wote. Nikatoboa ukuta mpaka upande wa pili, nikapitisha boliti, na nyuma nikaweka kipande cha chuma kabla ya nati. Lijaribu hivyo wewe mwenyewe kabla ya mgonjwa kulishika. Chumvi ya bahari hula chuma upesi, kwa hiyo kila ninapokwenda kuchukua kodi napitisha mkono kwenye maungio, nikiona kutu nakwangua na kupaka rangi.

Sasa jioni mzee anashuka mwenyewe, mkono mmoja kwenye bomba, mkewe nyuma yake hamgusi.