Kabla hujaleta pedi, niulize kwanza chupi

Nauza vitenge Arua, nilizaliwa Bombo, na huu mwaka wa nne nakusanya pedi za wasichana wa shule moja ya msingi huku Terego. Nimekosea mara nyingi hadi nimejua kitu gani kinafanya kazi na kitu gani kinaishia kwenye picha tu. Tunakusanya tena sasa kabla muhula wa pili haujafunguliwa, kwa hiyo nawaambia wazi mlete nini, mpeleke wapi, na kila kitu kinaenda kufanya nini kule.

Mwaka wa kwanza tulipata paketi 96 za zile pedi za kutupa. Nilifurahi jamani! Wasichana wa P.5 mpaka P.7 walikuwa 48 tukawapa mbili mbili, hedimasta akawaita mbele ya shule nzima, tukapiga picha, tukaondoka. Muhula ulivyoisha nikarudi, madamu anaeshughulika na wasichana, yule wanaemwita sinia wumani, akanifungulia rejista. Mwezi wa kwanza watoto wamekuja vizuri, mwezi wa pili yale mapengo ya siku tatu nne yamerudi palepale.

Hesabu yake rahisi tu ila sikuipiga mapema. Mtu akiwa kwenye siku zake siku tano, akibadilisha mara tatu kwa siku, hizo tayari ni pedi 15, na paketi ina 8. Yaani paketi mbili ndo mwezi mmoja basi. Muhula una miezi mitatu, mwaka wa shule unakaribia hedhi tisa, kwa hiyo msichana mmoja anataka paketi 18 kwa mwaka, na kwa bei ninayonunulia mimi ya 3,500 hiyo ni shilingi 63,000. Halafu nyumbani yuko na dada na mama ambao nao wanahitaji, we unadhani atawaficha? Mmoja aliniambia paketi yake ilikwisha siku ileile aliyofika nayo.

Basi mwaka wa pili tukahamia kwenye pedi za kitambaa za kufua, kama zile AFRIpads zinazotengenezwa hapahapa Uganda, seti ya nne nne kwenye kamfuko kake. Zikitunzwa zinafika mwaka na kupita. Hapo nikajiona mjanja, kumbe!

Pedi ya kitambaa ina mabawa yenye kifungo, unakifunga chini ya chupi. Sasa kama chupi imelegea pedi inatembea, na kama chupi haipo hakuna pa kufungia kabisa. Watoto kadhaa walikuwa na chupi moja, wengine hawana, na mtoto wa miaka 13 hawezi kukwambia hivyo mbele ya wenzake. Madamu ndo alikuja kuninong'oneza wiki tatu baadae. Kwa hiyo seti zilikuwepo, zimekaa kwenye mifuko safi kabisa.

La pili ni kuanika. Walikuwa wanazifua usiku na kuzificha chini ya godoro ili kaka zao wasione, hazikauki, zinanuka, wanaanza kuwashwa, wanaziacha. Pedi ya kufua inataka jua lenyewe. Tulichofanya ni kuwafundisha waloweke kwa maji baridi kwanza (ya moto yanagandisha damu kwenye kitambaa, doa halitoki tena), wafue kwa sabuni ya kawaida bila jiki, halafu waanike kwenye kamba na juu yake watupie leso nyepesi. Leso inapitisha hewa na joto, na apitae anaona leso tu. Ukitaka kujua kama imekauka ikunje uibonyeze kwa kidole katikati, ikiwa baridi bado.

Na lazima niseme, haifai kila mahali. Kama maji ni ya kupanga foleni nusu siku, bora ya kutupa, ingawa nazo zinajaza choo cha shimo. Shule yetu ina kisima cha pampu uwanjani, ndo maana tuliweza.

Sasa vitu vyenyewe. Ukitoa seti moja ya nne, kama 18,000, umemfikisha msichana mmoja mwaka mzima lakini akiwa na chupi. Chupi tatu za pamba ni kama 6,000, moja amevaa, moja inakauka, moja iko kwenye begi, na kwangu mimi hii ndo zawadi kubwa kuliko zote na ndo watu hawaleti, sijui wanaona aibu kununua. Beseni dogo na sabuni 4,000. Jumla 28,000, linganisha na zile 63,000.

Paketi za kutupa bado nazipokea, usizirudishe dukani. Hizo hatugawi tena, zinaingia kwenye boksi la madamu. Msichana akianza ghafla katikati ya hesabu anaenda kwake, anapewa pedi mbili na sketi ya akiba, anarudi darasani badala ya kwenda nyumbani. Madamu anachora kastari tu kwenye daftari, jina haandiki. Muhula uliopita mistari ilikuwa 37, kwa hiyo tulimaliza pedi 74, yaani paketi 10 zinabeba shule nzima muhula mzima kwa kazi hiyo. Mmoja wa hao 37 alianza asubuhi ya moku ya P.7, akafanya mtihani wake akamaliza. Sketi za shule zilizotumika lakini nzima zinahitajika pia, rangi ya bluu iliyokoza.

Msilete pedi za manukato, zinawasha, wala paketi iliyofunguliwa, wala nguo za ndani za mtumba. Na kugawa kwa mstari mbele ya shule hatufanyi tena. Kila mmoja anaitiwa kwa madamu, anatoka na kavera nyeusi yenye daftari juu.

Kampala mnapeleka Arua Park, dirisha la paseli za mabasi ya usiku, andika juu "mzigo wa wasichana, Arua". Old Kampala kuna shangazi yangu fundi cherehani, wapangaji wote wa jengo wanamjua, ukiuliza sanduku la pedi utaonyeshwa. Bombo ni baada ya swala ya Ijumaa, upande wa akina mama. Arua ni kibandani kwangu sokoni, safu ya vitenge, hata nikiwa sipo binti wangu anapokea na kuandika.

Hela kwa simu sichukui. Mwaka jana kuna namba ilisambaa Wasapu kwa jina la mkusanyo wetu, haikuwa yetu, so ukiiona tena usitume. Nunua kitu, leta kitu. Mwaka 2015 tuliahidiwa pedi za bure kwenye kampeni, na 2017 waziri wa elimu, Mama Janet Museveni, akaliambia Bunge hela hamna, mi tangu hapo nahesabu kilichoko mezani tu.

Mezani leo kuna hivi: wasichana wapya ni 30, seti ninazo 22, mabeseni yametosha, paketi za boksi zimefika 7. Chupi ninazo 31 wakati nataka 90, na nyingi mlizoleta ni za watoto wadogo au za mama zao. Tafadhali saizi ya miaka 12 hadi 15, zenye lastiki inayobana. Basi la mwisho la mzigo linatoka Kampala Ijumaa usiku kabla ya shule kufungua.