PDF inasomeka vizuri kwenye skrini, karatasini inatoka 0.$7$%$

Msomaji mmoja anayefanya kazi steshenari ameniandikia. Mteja alimletea mkataba wa kazi kwenye flashi, PDF ya kurasa nne. Kwenye skrini unasomeka bila shida. Ulipochapwa, kichwa kilichopaswa kuwa MKATABA kikatoka 0.$7$%$, na chini yake, penye "Jina", pakatoka -LQD. Akabadilisha katriji, akazima printa na kuiwasha, ikatoka vilevile. Anauliza kama printa ndiyo imekufa.

Haijafa. Katriji nayo haina kosa, kwa sababu wino mbovu hufifisha herufi au kuacha mistari myeupe; hauwezi kuigeuza M kuwa sifuri. Nasikitika kila ninaposikia mtu katumia hela kununua katriji kwa tatizo la fonti.

Ziangalie tena hizo alama, maana zina mpangilio. Ndani ya PDF, neno mara nyingi halihifadhiwi kwa herufi zake bali kwa namba za maumbo yaliyomo ndani ya fonti. Katika Arial na Times New Roman, umbo la A ni namba 36. Katika hesabu ya kawaida ya kompyuta, A ni 65 na 36 ni alama ya dola. Tofauti ni 29. Sasa chukua M: ni 77, toa 29 unapata 48, na 48 ni tarakimu 0. K ni 75, toa 29 ni 46, ambayo ni nukta. T inakuwa 7, B inakuwa %. Ndiyo hiyo 0.$7$%$. Herufi ndogo nazo zinafuata njia ileile: i inakuwa L, n inakuwa Q, a inakuwa D, kwa hiyo "Jina" likawa -LQD.

Maana yake ni kwamba printa ilipokea namba sahihi, ila fonti ya kuzitafsiri haikufika nazo, au ilifika ikawekwa kando na kutumiwa fonti nyingine. Fonti kama Calibri ina mpangilio wake, kwa hiyo usitegemee kila mara kupata tofauti ya 29. Dalili ya kushika ni moja: herufi ileile inageuka alama ileile ukurasa mzima. Ukiona hivyo, jua ni fonti.

Kabla ya kugusa chochote, fungua faili kwenye Acrobat Reader, bonyeza Ctrl+D, kisha nenda kwenye `Fonts`. Utaona orodha ya fonti zote zilizotumika. Mbele ya kila jina panatakiwa paandikwe `Embedded` au `Embedded Subset`, yaani fonti imepachikwa ndani ya faili, yote au zile herufi zilizotumika tu. Kama jina lipo peke yake na chini yake pametajwa fonti nyingine kwenye `Actual Font`, hiyo haikupachikwa. Kompyuta yako inaiazima kutoka kwenye Windows, au inaigiza kwa fonti inayofanana nayo. Ndiyo maana mwenye faili anakuapia kwamba kwake inachapa vizuri. Hasemi uongo, fonti anayo yeye.

Mteja yuko kaunta na anataka karatasi zake sasa hivi? Basi chapa ukurasa kama picha. Kwenye Reader bonyeza Ctrl+P, kisha kitufe cha `Advanced`, weka tiki kwenye `Print As Image`, chagua `300 dpi`, bonyeza `OK`, chapa. Kwenye Chrome, dirisha la kuchapa lina `More settings`, na ndani yake kuna `Print as image`. Ukifanya hivyo, kompyuta inauchora ukurasa yenyewe, kwa fonti ilizonazo, halafu printa inapokea picha iliyokamilika. Hakuna namba ya kutafsiri tena, kwa hiyo hakuna pa kukosea.

Ila kuna sharti moja ambalo watu hulisahau: picha hiyo ni ya kile unachokiona kwenye skrini. Kama tayari kwenye skrini kuna viboksi na dola, basi utachapa viboksi na dola, safi kabisa. Hapo tatizo liko kwenye faili, na dawa yake iko kwa aliyelitengeneza.

Gharama ya njia hii ni uzito. Ukurasa wa A4 kwa nukta 300 kwa inchi una pikseli 2480 kwa 3508, karibu milioni 8.7. Kwa rangi hiyo ni takriban megabaiti 26 kabla ya kubanwa. Ukipanda hadi 600, inazidi mara nne na kufika kama megabaiti 104 kwa ukurasa mmoja. Printa ndogo yenye memori ya megabaiti 64 inaweza kusimama katikati, ikatoa nusu ukurasa, au ikakutolea karatasi nyeupe. Kwa hiyo 300 inatosha kwa mikataba, barua na risiti. Kushuka hadi 150 kunafaa rasimu tu, maana maandishi madogo yanaanza kuwa na ukungu na msimbo wa QR unaweza kugoma kusomeka.

Kama faili linaonyesha `Embedded` kila mahali na bado printa inatoa alama, mtuhumiwa ni draiva, yaani programu ya kompyuta inayoongea na printa. Nenda kwenye mipangilio ya printa ya Windows, fungua `Printing preferences`, kisha `Advanced`. Kwenye draiva nyingi utakuta mstari wa `TrueType Font`. Ukiwa umewekwa `Substitute with Device Font`, draiva inatupa fonti ya faili na kutumia ile iliyozaliwa na printa, ili iharakishe kazi. Badilisha iwe `Download as Softfont`. Mpangilio huu hubaki, kwa hiyo unautengeneza mara moja tu, na ni bora kuliko kuchapa picha kila siku. Kama mstari huo haupo, sakinisha draiva ya aina nyingine ya printa hiyohiyo: ya lugha ya PostScript kama unatumia ya lugha ya PCL, au kinyume chake, iwapo printa inazikubali zote mbili.

Msichanganye hili na ule mkasa wa printa kutema karatasi nyingi, kila moja ikiwa na mstari mmoja juu unaoanza na `@PJL` au `%!PS-Adobe`. Hapo printa inachapa maagizo yenyewe kama maandishi, kwa sababu draiva inaongea lugha ambayo printa haiielewi. Futa kazi kwenye foleni, weka draiva sahihi. Fonti haihusiki kabisa.

Sasa karatasi nyeupe. Kuna anayeona karatasi nyeupe akakimbilia kutikisa katriji. Kwanza angalia kile kipicha cha ukurasa ndani ya dirisha la kuchapa la Reader. Kama maandishi yanaonekana pale lakini karatasi inatoka tupu, faili limesomeka vizuri na tatizo liko njiani: draiva, au memori iliyojaa. `Print As Image` kwa 300 kawaida huliondoa, hasa kwenye kurasa zenye vivuli na picha zinazopitisha mwanga, ambazo draiva za zamani hushindwa kuzikokotoa. Ikigoma, chapa ukurasa mmoja mmoja uone ni upi unaokwamisha wengine.

Lakini kama hata kwenye kile kipicha maandishi hayapo, tiki ya picha haitakusaidia. Angalia sehemu ya `Comments & Forms`. Maandishi aliyoyaongeza mtu juu ya PDF kwa kalamu ya programu huhesabiwa kama maoni, na ukichagua `Document` peke yake hayachapwi, weka `Document and Markups`. Ukikuta `Form Fields Only` imechaguliwa, utapata majibu yanayoelea kwenye karatasi nyeupe, fomu yenyewe haipo. Na fomu zilizojazwa kwa simu ni kesi yake: programu nyingine huhifadhi jibu bila kuhifadhi mchoro wake, kwa hiyo linaonekana kwenye simu ile tu. Mwambie mteja alifungue hapohapo alipojazia, achague kuchapa, na badala ya printa achague kuhifadhi kama PDF. Majibu yanakuwa sehemu ya ukurasa.

Haya yote ni ya upande wa anayechapa. Anayetengeneza faili ndiye anayeweza kuumaliza ugonjwa, na kwa kweli ndiye mwenye wajibu. Kwenye Word, unapohifadhi kama PDF, bonyeza `Options` na weka tiki kwenye kisanduku kinachotaja PDF/A. Kiwango hicho hakiruhusu fonti yoyote kubaki nje ya faili. Chini yake kuna `Bitmap text when fonts may not be embedded`. Iache ikiwa na tiki, kwa sababu fonti nyingine za kununua zimefungwa na leseni isiyoruhusu kupachikwa, na hapo Word itayageuza maneno hayo kuwa picha badala ya kuyaacha yapotee. Kwenye LibreOffice, tafuta PDF/A kwenye dirisha la kuhamisha kuwa PDF.

Kwa mwenye steshenari anayeletewa mafaili ya kila aina, ningemshauri aweke programu ya Ghostscript kwenye kompyuta moja. Amri hii inageuza kila herufi kuwa mchoro wa mistari:

```
gs -o tayari.pdf -sDEVICE=pdfwrite -dNoOutputFonts asili.pdf
```

Kwenye Windows andika `gswin64c` badala ya `gs`. Faili linalotoka halina fonti hata moja, kwa hiyo draiva haina cha kubadilisha, na tofauti na picha, kingo za herufi zinabaki kali kwa ukubwa wowote. Unachopoteza ni kunakili na kutafuta maneno ndani yake, kwa hiyo tunza lile la asili. Na kama faili la mteja halikuwa na fonti tangu mwanzo, Ghostscript itaweka fonti yake mbadala. Upana wa herufi unaweza kubadilika na mstari ukagusa ukingo wa jedwali, na ikikosea kubahatisha maumbo unaweza kuzikuta dola zilezile. Fungua `tayari.pdf`, pitia majina na kiasi cha fedha ukilinganisha na skrini ya mteja, ndipo uchape nakala.